Nyoka Kwenye Kofia ya Babu Sajini

Mwenyekiti aliingia ofisini kinyumenyume, kwa sababu picha aliyoibeba ilikuwa pana kuliko mlango. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukoo, cheo alichojipa mwenyewe siku ambayo wenzake walichelewa mkutanoni, na tangu hapo alikitumia hata akiagiza chai. Aliisimamisha picha ukutani, akajifuta jasho, akarudi nyuma hatua mbili ili wote waliomo waweze kustaajabu bila kusukumana. Waliomo walikuwa wawili tu.

Mmoja alikuwa mtunza picha za vita wa makumbusho ile, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Vifungo. Wa pili alikuwa bibi kizee aliyefuatana na Mwenyekiti, akaketi kwenye benchi kando ya mlango akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Huyo alikuwa Shangazi. Hakuna aliyemtambulisha, na yeye mwenyewe hakuonekana kutarajia kutambulishwa.

"Babu Sajini," Mwenyekiti alisema, akinyoosha mkono kuelekea picha. "Shujaa wa vita kuu. Jumamosi tunamzindua kwenye ukumbi wenu mpya. Wageni wameshaalikwa, hotuba nimeshaandika. Kilichobaki ni sahihi yako."

Kweli, kilichobaki kilikuwa sahihi tu. Hakuna picha ya askari iliyopanda ukuta wa ukumbi ule kabla Mama Vifungo hajathibitisha kwa maandishi ni nani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa kioo cha kukuza, madaftari ya vikosi, na kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa kiganja. Alikichukua kile kipande, akaenda kwenye picha, akakibandika juu ya uso wa Babu Sajini.

"Ebo! Mbona unamfunika?"

"Uso unanisumbua."

"Uso ndio ushahidi wenyewe, mama! Tazama hiyo pua. Hiyo ni pua ya ukoo. Hata mimi ninayo."

"Nimeiona tangu ulipoingia," alisema Mama Vifungo. "Lakini pua haikuandikishwa jeshini. Kila familia inayokuja hapa inakuja na pua, na mwaka jana tu nimeletewa familia tatu zinazomgombania askari mmoja, zote zina pua yake."

Akainama kwenye picha. Ilikuwa imepakwa rangi studio, mashavu yameng'arishwa, koti la jeshi la kijani mbichi kama jani la mgomba. Akaanza alikoanzia siku zote.

"Babu yako alikuwa akivaa koti la kike?"

"Unasemaje?"

"Vifungo vinafungwa upande wa akina mama. Na utepe wa medali uko kifua cha kulia, wakati askari huvaa utepe wake kushoto. Picha hii imegeuzwa."

Basi Mwenyekiti akacheka kicheko cha mtu aliyeshikwa na hana pa kukimbilia. Alieleza kwamba ndiyo, fundi wa studio aliigeuza kidogo, ili Babu awe anatazama mlango na kuwapokea wageni. Jambo la adabu tu.

"Na huyu simba kwenye kofia? Nina droo nzima ya beji za vikosi vilivyoandikisha watu wa huku, na hakuna hata kimoja chenye simba. Huyu amekaa kama wa kwenye kasha la kiberiti."

"Hapo palikuwa na nyoka," Mwenyekiti alisema, sauti imeshuka. "Kamati ikaona nyoka hapendezi."

Jamani! Kamati ikaona. Kamati ya watu saba, wasio na hata mmoja aliyewahi kuvaa sare isipokuwa ya shule, ilikaa, ikanywa chai, ikapiga kura, ikambadilishia askari kikosi miaka themanini baada ya vita. Mama Vifungo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndivyo alivyofanya kila alipotaka kutukana akakumbuka yuko kazini.

"Nataka picha ya asili," alisema. "Hii kubwa itakufaa kuzibia dirisha."

Ile ya asili alikuwa nayo Shangazi. Alikifungua kitambaa taratibu: fremu ndogo ya mbao, picha ya kahawia ndani yake, na chini ya picha medali ya fedha iliyogandishwa kwa gundi juu ya ubao. Akaipangusa kioo kwa ncha ya kitambaa kabla ya kuitoa, ingawa haikuwa na vumbi lolote.

"Yeye ndiye anayeitunza," alisema Mwenyekiti. "Ni kazi yake pale nyumbani tangu utotoni. Kila wiki anaipangusa. Babu mwenyewe alimpa kazi hiyo, alipomlea kwa huruma baada ya baba yake, mdogo wake Babu, kutoroka vitani."

Alilisema neno hilo mbele ya Shangazi pasipo kupunguza sauti. Kwenye ukoo ule lilikuwa limeshazoeleka. Shangazi alikuwa binti wa mtoro tangu akiwa na miaka minne. Kwa neno hilo posa yake ya kwanza ilivunjika, na kwa neno hilo kwenye vikao vya ukoo alikuwa mtu wa kubeba birika, hata leo, akiwa na miaka themanini na kitu na magoti yasiyokunjika.

"Mwanangu," Shangazi alimwambia Mama Vifungo, "kama hayo madaftari yako yana na watu wengine, niangalizie na baba yangu. Sitaki sifa. Nataka nijue tu kama kweli alikimbia, kabla na mimi sijaondoka."

"Shangazi, tusimpotezee mtu muda," Mwenyekiti alisema.

Mama Vifungo alikuwa ameshaigeuza fremu na kuona maandishi na sahihi nyuma yake. Sasa alikuwa ameshika kioo chake juu ya picha ya kahawia, kadibodi imeufunika uso. Mkono una tepe tatu: sajini, hapo hakuna ubishi. Utepe mmoja kifuani, upande wa kushoto unakotakiwa kuwa. Na kwenye kofia, nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo.

"Babu yako alikuwa kikosi gani?"

"Cha Tano! Wapiganaji wa bunduki. Alitusimulia mpaka tukakariri."

Mama Vifungo alifungua droo, akaweka mezani beji mbili. Moja ilikuwa na pembe ya kupulizwa. "Hii ndiyo ya Kikosi cha Tano." Nyingine ilikuwa na nyoka na fimbo. "Hii ni ya matabibu na wabeba majeruhi. Huyu hapa alibeba machela."

"Labda aliazima kofia."

"Labda. Na medali je, aliiazima pia?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Medali ya ushujaa ya vita vile ilichongwa ukingoni namba ya mwenyewe, cheo na kikosi chake, lakini hii ilikuwa imezamishwa kwenye gundi mpaka ukingo hauonekani. Gundi aliiweka Babu Sajini kwa mkono wake, Mwenyekiti alieleza kwa fahari, na aliwakataza watu wote wasiiguse kamwe. Mama Vifungo akasema ahaa. Kisha akaondoka kwenda chumba cha nyaraka, akakaa huko saa nzima na zaidi, akarudi na madaftari mawili na kisu chembamba cha plastiki.

Alianza na daftari la Kikosi cha Tano. Ndugu wawili waliandikishwa siku moja, kwa jina moja la baba yao, kama makarani wa wakati ule walivyopenda kurahisisha maisha. Kwa hiyo jina halikusaidia kitu, na kilichowatenganisha ni umri na namba tu. Ya mkubwa ilimalizikia arobaini na moja, ya mdogo arobaini na mbili.

"Arobaini na moja, huyo ni babu yako," alisema. "Mpishi. Cheo cha mwisho, koplo usu, tepe moja. Aliwahi kupewa adhabu siku saba kwa kupoteza sufuria mbili. Akarudishwa nyumbani mapema kwa sababu ya tumbo."

Hotuba ya Mwenyekiti ilikuwa na ukurasa mzima wa usiku Babu alipouzingira mlima peke yake.

"Arobaini na mbili." Sauti ya Mama Vifungo ilipungua. "Hayupo baada ya mapigano. Siku ishirini na moja zikapita, kikaitwa kikao cha uchunguzi, akatangazwa mtoro."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelisikia hilo maisha yake yote, na sasa amelisikia kwa mara nyingine kutoka kwa serikali.

Mama Vifungo akachukua kisu cha plastiki, akakipitisha chini ya medali. Mwenyekiti alipiga kelele kwamba ni mali ya ukoo. Gundi ikaachia. Akaigeuza medali kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha polepole chini ya kioo, akasoma namba moja baada ya nyingine kwa sauti. Ya mwisho ilikuwa mbili.

"Aliiiba!" Mwenyekiti alisema. "Mtoro aliiba medali ya Babu!"

"Akaichonga na namba yake mwenyewe, akiwa porini, kwa meno?"

Daftari la pili lilikuwa la wabeba majeruhi. Kikosi cha Tano kilimtafuta namba arobaini na mbili kikamkosa, kwa sababu alikuwa amelala hospitali. Wabeba machela wa kikosi kingine walimwokota akiwa hana fahamu, na karatasi zake zilichelewa kama karatasi zinavyochelewa hata leo. Alipopona hakurudishwa kwenye bunduki. Walimpa machela na beji ya nyoka. Miezi saba baadaye aliwavusha mto majeruhi kumi na mmoja kwa siku mbili, mto ukipigwa risasi. Utepe akapewa palepale, medali yenyewe ikawa ya kufuata. Akapandishwa kuwa sajini, akapigwa picha. Alifariki wiki tisa kabla vita havijaisha, na mstari wa mwisho ulisema tangazo la utoro limefutwa na familia ijulishwe.

"Hatukujulishwa," Shangazi alisema.

Mama Vifungo akamgeuzia karatasi iliyobanwa nyuma ya daftari, akamsomea. Ilikuwa stakabadhi: barua moja ya kufuta utoro, medali moja, picha moja ya marehemu. Imepokelewa na kaka wa marehemu. Chini yake palikuwa na sahihi nzuri ya mviringo, ileile iliyokuwa nyuma ya fremu, mahali Babu Sajini alipoandika "Mimi, vitani."

Mwenyekiti aliitazama ile sahihi, kisha ile picha yake kubwa yenye simba. Akauliza kama haiwezekani kuandika tu "askari wa ukoo wetu", bila kwenda ndani sana, kwa ajili ya umoja, na kwa sababu kadi zimeshachapwa.

"Inawezekana kuandika yaliyomo kwenye daftari," alisema Mama Vifungo, na akaanza kuandika: Sajini, mbeba majeruhi, namba yake, medali yake, mto wake. Mwishoni akaongeza kwamba picha imetunzwa na binti yake. Akatia sahihi.

Mwenyekiti akaibeba picha yake. Safari hii alijaribu kutoka kwa mbele, ikamkwama mlangoni, na hakuna aliyeinuka kumsaidia.

Shangazi hakuona hata hilo. Alikuwa ameiweka fremu kwenye mapaja, na aliiondoa ile kadibodi usoni pa askari.

"Kila wiki," alisema. "Zaidi ya miaka sabini nampangusa huyu, namwambia shikamoo baba mkubwa, asante kwa kunilea. Na yeye ananitazama tu."

Akalishika koti pale penye utepe, kwa kidole kimoja, juu ya kioo.

"Shikamoo, baba," alisema.