Hoja Moja ya Mkurugenzi

Afisa mawasiliano wa kiwanda cha nguo aliweka kinasa sauti mezani, akamwambia mkurugenzi mkuu, "Bosi, gazeti linataka maneno mia saba na hoja moja tu. Ni ipi?"

Mkurugenzi akataja tano: kodi, umeme, mitumba, mitambo mikuukuu, wafanyakazi wengi kupita kiasi. Afisa alikwisha kuandika rasimu mbili. Mwanasheria wa kampuni alizipenda zote mbili, lakini afisa alijua hazina uhai.

"Kipi hasa kinakunyima usingizi?"

Bosi akatazama dirishani. "Ule mtambo wa kusokota nyuzi. Utaua mtu? Utaua. Nitamwambia nini mama yake?"

Hapo afisa akaipata sauti yake. Anajiuliza, anajijibu, sentensi fupi, wala hasemi "tunasikitika". Akaandika: kiwanda hiki kikongwe kifungwe kabla hakijaua. Kodi na umeme akavifyeka. Kila aya ikavuta upande mmoja. Bosi alibadili neno moja tu, "wafanyakazi" wakawa "vijana wangu".

"Umenitoa maneno mdomoni," alisema.

Makala ikatoka kwa jina la bosi. Kesho yake mchana mdogo wa afisa, fundi wa mtambo uleule, akaja nyumbani kwake na gazeti.

"Dada, tulishaapa kugoma. Mwenyekiti wa chama chetu akasoma hii mkutanoni. Mzee mmoja akasema, huyu bwana anatujua. Tukatawanyika, hata madai yetu hatukuyafikia."

"Niliandika mimi."

Mdogo wake akacheka, kisha akaacha. "Hata hilo la mama yake?"

"Hilo ni lake. Mengine yangu."

Fundi akakaa kitako sakafuni, mgongo ukutani.

"Basi tuandikie na sisi. Hoja moja. Ule mtambo si mbovu, umenyimwa vipuri. Miaka sita naomba beringi. Fomu zangu zinaliwa na panya."

Dada alijua ni kweli, kama alivyojua kwamba mtambo ungeweza kuua. Akaandika palepale kwenye meza ya jikoni, haraka, mkono umeshazoea. Fundi akasoma, midomo ikicheza, akafika aya ya tatu.

"'Mtambo utatengenezeka? Utatengenezeka.'" Akairudisha karatasi. "Dada, huyu bado ni bosi."

"Basi sema wewe, niandike unavyosema."

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa porojo tangu utotoni, mtu wa kuchekesha hata msibani.

"Niseme nini? Kila nikianza, nasikia lile gazeti."

Akaondoka bila kuaga. Mwisho wa mwezi kiwanda kikafungwa, watu mia nne wakarudi makwao, na fundi akaacha kupokea simu za dada yake. Mama yao alipouliza wamegombania nini, afisa mawasiliano alimpa lile gazeti lenye jina la bosi.