Hamsini Kurudi Nyuma

Fundi lifti aliyeitwa Kijana alikuwa na miaka thelathini na nane, na hiyo thelathini na nane alikuwa nayo kwa mwaka wa nne mfululizo. Haukuwa uongo wa makaratasi, maana faili lake ofisini lilisema kweli tupu. Ulikuwa uongo wa mdomoni, ule unaoanza kama utani na kuishia kuzoeleka kama kiatu. Alikuwa ameurudia hadi mwenyewe akausadiki, na magoti yake tu ndiyo yaliyogoma kuusadiki.

Jumatatu moja afisa utumishi, mama mpole mwenye macho ya kuhesabu, aliwakusanya mafundi wote katika chumba cha mikutano. Akamgawia kila mtu karatasi yenye ngazi iliyochorwa, kidato cha juu kikiwa kimeandikwa HAMSINI na cha chini MWAKA HUU.

"Nafasi ya msimamizi wa zamu iko wazi," akasema. "Pia kampuni itampa mtu mmoja ruhusa ya kutoka mapema akasome. Ijumaa kila mtu aniletee karatasi yake na aseme anaomba ipi. Ila tunapanga kinyumenyume. Tunaanzia juu."

Kijana hakuhitaji karatasi. Alikitaka kiti cha msimamizi, kile kinachozunguka. Alishawahi kukikalia kwa siri, akazunguka mara saba, akatoka akijisikia mkurugenzi mwenye kichefuchefu.

"Na asianze mtu na cheo," yule mama akaonya, kama aliyemsoma moyo. "Anzeni na siku. Una miaka hamsini, ni Jumanne. Unaamkia wapi? Mikono inashika nini? Nyumbani unarudi saa ngapi?"

"Mimi Jumanne hiyo nimelala," akasema fundi mwenzake aliyeitwa Spana.

"Andika umelala, bwana. Halafu kwenye kidato kinachofuata uniandikie nani anakulipia usingizi."

Kicheko kilipopoa, Kijana aliandika umri wake kwenye kidato cha chini, thelathini na nane kama kawaida, akaikodolea macho ile karatasi. Ajabu, kiti hakikuja. Alikuja yule mkaguzi wa lifti anayepita kila mwaka na shati lake safi na tochi yake, anayeisikiliza lifti kama daktari anavyosikiliza kifua. Anatia saini, na saa kumi jioni yuko kwake. Hakuna anayempigia simu akiwa na tonge mdomoni. Kijana alikuwa amepigiwa harusi nzima: bibi harusi kakwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mkia wa gauni uko ya pili, bwana harusi ya tano anaulizwa na mashangazi kama ameachwa. Na simu zote hizo, alikumbuka, hupitia kwanza kwa msimamizi wa zamu.

Akaandika: *Mkaguzi wa kujitegemea. Saa kumi niko nyumbani. Simu imezimwa.*

Afisa utumishi akainama begani kwake. "Vizuri. Sasa shuka. Kabla ya hapo uwe na nini?"

"Leseni."

"Na leseni inataka nini?"

"Nadhani..."

"Usidhani. Muulize aliyekwisha kufika."

Wakati wa mapumziko alimpigia mkaguzi, naye akamshusha ngazi bila kumshika mkono. Leseni aipate akiwa na arobaini na tisa, ili abakiwe na mwaka mmoja wa kutafuta wateja. Kabla ya leseni, miaka mitano chini ya mkaguzi mwenye leseni, basi aanze na arobaini na nne. Kabla ya hiyo, stashahada ya miaka miwili, masomo ya jioni, aanze na arobaini na mbili.

"Na chuoni wanataka nini?" Kijana akauliza.

"Ufaulu wa hisabati wa kidato cha nne, ndugu yangu. Unao?"

Kijana alikohoa. Kwenye mtihani ule alikuwa ameandika jina lake tu, ingawa aliliandika kwa mwandiko mzuri sana.

"Basi urudie," mkaguzi akasema. "Mtihani ni mara moja kwa mwaka, kwa hiyo uufanye na arobaini na moja. Usajili wa mwaka huu unafungwa Alhamisi hii."

Kijana akashusha pumzi ya furaha. Arobaini na moja! Yeye thelathini na nane! Alikuwa na miaka mitatu ya kuchezea. Atakalia kiti kwanza, azunguke ashibe, hisabati itamsubiri. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Mkewe alikuwa anapiga pasi. Binti yao wa miaka kumi na sita, aliyekuwa kidato cha nne, alikuwa mezani na daftari la hisabati. Kijana aliwatandikia ngazi yake kama mfanyabiashara anayetandika zulia.

"Mwaka huu nakuwa msimamizi. Huu mtihani nitaufanya nikifika arobaini na moja."

Pasi ikasimama. "Ukifika wapi, mume wangu?"

"Arobaini na moja."

"Unakwenda kufika, au unarudi kuichukua?"

Binti akainua kichwa. "Mama, Baba alikuwa na miaka mingapi nilipozaliwa?"

"Ishirini na mitano. Keki yake ya mwaka ule niliipika mwenyewe, ikaungua."

"Ishirini na tano, jumlisha kumi na sita..." Binti akaandika pembeni ya daftari, akapiga mstari chini kwa rula. "Arobaini na moja. Pole, Baba."

"Hisabati haina adabu," Kijana akanung'unika.

"Haina," mkewe akasema. "Ndiyo maana mligombana."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Ile miaka mitatu ya kuchezea ilikuwa imeliwa tayari, na aliyeila ni mdomo wake. Akikalia kiti mwaka mmoja tu, hamsini itamkuta na leseni mbichi bila mteja hata mmoja, magoti yakilia kuliko lifti.

"Nitakaa na watoto wa darasa la binti yangu," akasema taratibu. "Watanicheka."

"Watakucheka kwa saa tatu tu, Baba," akasema binti. "Mtihani ni wa saa tatu. Baada ya hapo wanakwenda kwao."

Alhamisi, dakika ishirini kabla ya dirisha kufungwa, alisimama kwenye foleni ya usajili shuleni, nyuma ya wavulana wawili waliomwamkia kwa heshima wakidhani ni mwalimu wa zamu.

"Shikamoo mzee," karani akasema. "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto ni mimi."

Karani akamtazama, akasukuma fomu. Jina, Kijana aliliandika kwa ule mwandiko wake mzuri. Mwaka wa kuzaliwa ukamsimamisha. Mkono ulitaka kuteleza, kama ulivyozoea. Akaushika kwa mkono wa pili, akaandika mwaka wa kweli, namba nne zote.

Ijumaa aliipeleka ngazi yake. Kidato cha chini kilisema: *Mwaka huu, miaka arobaini na moja: kufanya mtihani wa hisabati, nimekwisha kujisajili. Kila jioni: maswali kumi, msahihishaji binti yangu. Ninaomba ruhusa ya masomo.* Kiti kinachozunguka alikuwa amemwachia Spana, ambaye usingizi wake wa Jumanne sasa ulikuwa mashakani.

Afisa utumishi akasoma, akarudia, akainua yale macho ya kuhesabu.

"Jumatatu uliniandikia thelathini na nane. Leo arobaini na moja. Siku nne hizi kumetokea nini?"

"Nimekua, mama."

Akagonga muhuri.

Jioni ile binti alisahihisha maswali kumi, akampa matatu. Kijana aliomba la nne lihesabiwe, maana mwandiko ulikuwa mzuri.