Mtu wa Pembeni kwenye Picha ya Mahari

Maman Eulalie hutazama picha kama anavyochagua mchele: anaanzia pembeni, anatoa mawe, ndipo anaona mchele wenyewe. Kwa hiyo picha kubwa ya mahari ya binti yake Aimée ilipofunguliwa kwenye ordinateri, kompyuta ya studio, pale Nyawera mjini Bukavu, hakumwona Aimée kwanza. Alimwona mwanamume wa koti la kahawia, amesimama ukingoni kabisa upande wa kulia, chupa ya bia mkononi, anacheka kwa meno yote kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa bibi harusi.

"Huyu ni nani?"

"Maman, miye napigaka tu foto," alisema Dany, mwenye studio. "Sinaulizaka mutu carte d'identité."

Nyumbani, mtaani Kasha, alikuwa ameshauliza. Mume wake, Papa Ignace, mwalimu wa chuo kikuu na mtu wa kuogopa ugomvi kuliko malaria, hakumjua. Dada yake Chantal hakumjua. Basi alikuwa wa upande wa wakwe, au alikuwa mdandiaji wa sherehe, na Bukavu haijawahi kupungukiwa na hao. Njia fupi ilikuwa kuwauliza wakwe, lakini njia hiyo haipitiki. Mkwe haulizwi, "Huyu mliyekuja naye ni nani?" Ukiuliza hivyo umemwambia kwamba amekuokotea watu barabarani. Mkwe hupokelewa pamoja na kila kinachomfuata. Hata akija na mbwa, mbwa anatafutiwa kivuli.

Eulalie akaamua kesi peke yake, na ushahidi ukawa viatu. Viatu vya yule mtu vilikuwa na vumbi. Wakwe walikuja kwa magari, hawakuwa na vumbi. Kwa hiyo huyu si wao, na si wetu, na picha ile ilikuwa ikaning'inie sebuleni kwa wakwe kabla ya harusi ya kanisani ya Jumamosi, ili kila mgeni aone familia mbili zilivyokuwa kitu kimoja. Mlevi wa mtaani hakuwa na kazi pale.

"Ukate," alisema.

Dany akashika ukingo wa kulia kwa kipanya, akausukuma ndani. Mtu wa koti akaanza kuzama gizani. Lakini ukingo wa chini nao ulikuwa unapanda, na viatu vya Koko Agnès, bibi yake Aimée, vikaanza kuzama pia.

"We! Koko amefanya nini?"

"Ni juu ya kadre yako, maman. Uliisha kununua ya soixante kwa quarante, na foto inapashwa kubaki na umbo ile ile. Nikikata kando, napunguza na juu ao chini. Nikikata kando peke yake, foto itakuwa fupi, na ndani ya kadre mutabaki fasi nyeupe."

Eulalie alitazama ile kadre, fremu ya dhahabu ya sentimita sitini kwa arobaini, aliyoiegemeza ukutani. Aliifikiria ikiwa na pengo jeupe kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Akasema wakate juu. Dany akashusha ukingo wa juu, na bwana harusi, Gentil, ambaye Mungu alimpa urefu bila kupima, akapoteza paji la uso. Hilo lilikuwa baya zaidi. Koko asiye na viatu ni jambo la kuongeleka, lakini mkwe asiye na kichwa? Wakarudi chini. Viatu vipya vya Koko, alivyovivaa kwa mara ya kwanza siku ile na kuvilalamikia hadi jioni, vikakatwa. Eulalie alijiambia kwamba Koko haoni vizuri.

Kisha ukabaki mkono.

Kumbe yule mtu alikuwa ameweka mkono begani kwa Papa Évariste, baba wa bwana harusi. Mwili ulikwenda, mkono ukabaki: vidole vinne, saa kubwa ya chuma, na kipande cha mkono wa koti. Dany akajaribu kusogea ndani zaidi, sikio la Papa Évariste likaanza kwenda.

"Acha," alisema Eulalie. "Sitapelekea bakwe foto yenye haina masikio yabo."

"Naweza kufuta mukono, lakini ile shati yake ya kitenge iko na maua mengi. Itaomba nichore maua moja moja. Urudi kesho."

"Banatungojea leo. Utaacha. Batasema ni mukono ya bibi yake, maman Colette."

"Bibi yake iko na mikono yake yote mbili mbele, maman. Inaonekana."

"Print."

Dany akachapa. Alikuwa amekata kopi tu, picha yenyewe ikabaki salama kwenye ordinateri, na hilo Eulalie hakulijali hata kidogo. Alijali karatasi iliyokuwa ikitoka, nzuri, yenye kung'aa, safi, isiyo na mlevi.

Huko Muhumba, nyumbani kwao, wakwe waliwapokea Eulalie na mumewe kwa fanta na sambusa. Kadre ikafunuliwa, maman Colette, mama wa bwana harusi, akapiga vigelegele, na kwa muda mfupi Eulalie akawa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wa Kivu Kusini. Kisha Papa Évariste akavaa miwani. Akasogea. Akaweka kidole begani kwake kwenye picha, halafu begani kwake mwenyewe.

"Huyu mukono ni ya nani?"

Papa Ignace akatafuta jambo la kutazama dirishani. Eulalie akasema, kwa sauti aliyoitumia zamani kuwaambia watoto kwamba sindano haiumi, kwamba labda ni ya maman Colette.

"Colette havalakake saa ya mwanaume," alisema Papa Évariste, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Hii saa naijua. Mumemukata tonton wenu, mujomba wa bibi harusi. Ule mwenye koti ya kahawia, mwenye alisimama na kusema mambo ya ngombe. Batu banakata tonton wao kwa foto, kesho batatufanya nini siye?"

"Tonton wetu?" Eulalie alisahau heshima yote. "Si ni wenu?"

Hata Papa Ignace akaliacha dirisha.

Ukweli ulitoka kipande kipande. Siku ya mahari, wasemaji wa pande mbili walikwama kwenye ng'ombe wa mwisho. Upande wa Aimée walimtaka, upande wa Gentil walisema hayupo. Jua lilipanda, nyama ikapoa. Ndipo yule mtu, aliyekuwa ameketi kati ya mahema mawili, akasimama akasema, "Bazee, ngombe moja isitenganishe batoto babili. Hii ngombe tuiache, na mbuzi mbili zije pa nafasi yake." Watu wakapiga makofi. Eulalie, aliyekuwa jikoni, alisikia makofi tu, na Papa Ignace, aliyeketi nyuma ya wasemaji, alimwona mgongo. Upande wa Gentil walielewa kwamba wazazi wa binti wamesamehe ng'ombe. Upande wa Aimée walielewa kwamba wakwe wameongeza mbuzi. Kila upande ulipiga makofi kwa ukarimu wa mwenzake, na kumbe mkarimu hakuwa wa yeyote.

"Basi hakuna mutu alisema kitu," alisema Papa Évariste, akavua miwani. "Dot, hii mahari yote, imefungwa na upepo. Ao turudilie maneno kuanzia mwanzo, ao muniletee ule mutu aseme alikuwa anasemea nani. Na Samedi, siku ya kanisa, tutaona."

Aimée alipoambiwa jioni hiyo hakulia. Alimwuliza mama yake kwa upole, "Maman, ule mutu alikukosea nini?" Swali hilo lilimchoma Eulalie kuliko kilio. Aliona aibu, aibu ya kweli. Mtoto wake angekosa ndoa kwa sababu ya viatu vyenye vumbi.

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Dany kabla hajafungua. Sasa alitaka kile kipande kilichokatwa, na kipande peke yake. Dany akafungua picha ya asili, akakata upya, safari hii kinyume: familia mbili zote zikatupwa nje, Gentil na urefu wake, Koko na viatu vyake, akabaki mtu mmoja mwembamba wa koti la kahawia, bila mkono wa kulia. Ukanda huo ukaingia kwenye vikundi vyote vya WhatsApp, vya parokia, vya ukoo, vya wafanyakazi wenzake Papa Ignace: "Anayemjua huyu papa atuambie. Ni mtu muhimu sana wa familia yetu."

Alijulikana kabla ya chakula cha mchana. Aliitwa Bruno, mwashi wa Bagira, na alikuja Kasha bila kuvutwa sana, katika koti lile lile. Papa Évariste naye alikuwa amefika. Wakamkalisha katikati, wakampa bia, na wazee wawili wakamwinamia.

"Papa Bruno," alianza Papa Ignace, "siku ile, ulikuwa unasemea upande gani?"

"Upande wa kwetu," alisema Bruno. "Upande wa Ariane."

"Ariane ni nani?"

"Si ni bibi harusi? Mutoto wa dada yangu." Akawatazama mmoja mmoja. "Mimi nilishuka na miguu, baliniambia kwamba ni ku parcelle, ile kiwanja yenye mahema ya bleu. Nikaingia. Muko wema, mulinipa kiti kabla ya kunisalimia. Niliona bibi harusi amefunikwa, nikasema ni Ariane. Kisha kula, ndio nikaona sijue mutu. Nikapata haya ya kutoka. Mukaniita ku foto."

Papa Évariste alicheka hadi akakohoa. Akasema neno lililotamkwa mbele ya wazee, likaliwa nyama juu yake, halirudishwi mdomoni, liwe la nani lisiwe la nani. Mbuzi wawili wabaki mbuzi wawili. Akampa Papa Ignace mkono. Aimée, nyuma ya pazia, akapumua, na ndoa ikawa imepona. Wengine wangeishia hapo na kuagiza bia nyingine.

Lakini Eulalie alikuwa akimtazama Bruno, kwa mara ya kwanza akianzia katikati.

"Na Ariane?"

Bruno alizungusha chupa mkononi. "Ariane ni palepale, avenue ya nyuma. Balikuwa pia na mambo ya ngombe. Ndio maana balinipa kazi ya kusema. Maneno ile nilikuwa nimeitengeneza wiki muzima." Akanywa kidogo. "Baliningojea, baliningojea. Kisha balitukanana. Bakwe balirudi na ngombe zao zote. Dada yangu hanisemeshe tena."

Eulalie akaelewa. Amani iliyokuwa imekaa nyumbani kwake ilikuwa ya watu wengine. Yeye na wakwe zake waliila, wakaipigia makofi, wakasimama mbele yake wapigwe picha, na mwisho yeye akamlipa aliyeileta kwa kumkata.

Alisimama akafunga kitenge chake vizuri.

"Papa Évariste, magari iko na mafuta?"

Wakwe wa Ariane waliitwa kwa simu, wakaitika kwa shingo upande, na magari yakaenda kuwachukua. Alasiri familia mbili zikapanda avenue ya nyuma kwa miguu, kwa safu, wazee mbele, maman Colette na mbuzi mmoja wa kuanzia mazungumzo, Gentil akiinama chini ya nyaya za umeme, Koko Agnès akiburuta viatu vyake. Bruno alikuwa akitembea mwisho kabisa, kandokando, kama mtu asiye na uhakika kama amealikwa. Eulalie akarudi nyuma, akamshika mkono, akamleta mbele.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye macho ya kutolala. Alimtazama kaka yake kwa ukali, kisha akautazama umati ule wote, asimjue hata mmoja.

"Na ninyi, muko ba nani?"

"Tuko ba huyu," alisema Eulalie.