Sifuri za Februari

Asunta Cutili hakungoja mgeni ashuke vizuri kutoka kwenye lori. Alisimama mlangoni pa zahanati ya Wilaqala, koti jeupe juu ya sweta mbili, akauliza kwa sauti iliyofika mpaka zizini kwa jirani.

"Wewe ndiye uliyesema hatuharishi?"

Fortunata Alanoca alikuwa bado na mguu mmoja hewani. Dereva alicheka, akamtupia begi lake, akaondoa lori.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya chanjo, doña Asunta," alisema kwa adabu.

"Chanjo! Haya, ingia. Baridi haina adabu huku."

Fortunata alikuwa mtu wa takwimu katika ofisi ya afya ya mkoa, mjini, mwendo wa nusu siku kutoka hapo. Kila mwezi zahanati zote zilizo chini ya ofisi hiyo zilitakiwa kuleta taarifa ifikapo tarehe tano. Yeye na kijana wa mkataba aitwaye Rolando waliziingiza kwenye kompyuta, kisha Fortunata akakagua: nani ameleta, nani hajaleta, nani kachelewa, na namba zipi hazipatani. Wilaqala ilikuwa na doa mara mbili. Taarifa zake zilichelewa karibu kila mwezi. Na katika robo ya kwanza ya mwaka, watoto ishirini na tisa walipata dozi ya kwanza ya penta, chanjo ya sindano tatu, lakini arobaini na mmoja walipata ya tatu. Kwa kawaida ya tatu huwa chache kuliko ya kwanza, maana njiani wengine huacha kuja. Zikizidi, mkaguzi huanza kujiuliza kama kuna watoto wa kubuni.

Daktari Ledezma, mkuu wa ofisi, hakujiuliza. "Huyo muuguzi anapika namba afikie lengo," alisema. "Kwenye kikao cha Ijumaa nitamtaja. Au wewe punguza hiyo ya tatu iwe ishirini na tisa, tupumzike."

"Siwezi kupunguza nisichokihesabu, Daktari."

"Basi nenda ukahesabu."

Ndivyo alivyojikuta Wilaqala, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya jiko la gesi lenye sufuria ya chai ya koka. Asunta alimwekea kikombe na bakuli la chuño, viazi vilivyokaushwa kwa baridi, na jibini, akakaa upande wa pili amekunja mikono.

"Tufanye hivi," Fortunata alisema. "Rejista ya chanjo tutaihesabu wote wawili, kila mtu kivyake, bila kutajiana. Tukimaliza tunalinganisha."

"Huniamini?"

"Hata mimi sijiamini. Ndiyo maana tunahesabu wawili."

Asunta alivuta rejista. Walihesabu mstari kwa mstari, Januari, Februari, Machi. Penta ya tatu, Fortunata alipata arobaini na mmoja. Asunta alipata arobaini, akarudia, akakuta ameruka mtoto mmoja mwishoni mwa ukurasa. Wakachukua karatasi za kuhesabia, zile za kupiga vistari kila mtoto anapochomwa: arobaini na mmoja. Nakala ya taarifa ya mwezi iliyobaki zahanati: hivyo hivyo. Kwenye jedwali la kompyuta ya mjini, ambalo Fortunata alikuwa amelichapisha kabla ya kuondoka, hivyo hivyo. Kutoka rejista mpaka mjini, namba haikubadilika popote njiani.

"Sasa vichupa," Fortunata alisema.

"Vichupa gani tena?"

"Vya penta. Kama ulichoma watoto wa hewani, dawa itakuwa imebaki."

Hapo Asunta alitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la mtu anayejua kilichomo kabatini. Alileta kitabu cha akiba. Dozi zote za robo ile, ya kwanza, ya pili na ya tatu, zilikuwa mia moja na tatu. Vichupa vilivyofunguliwa vilikuwa kumi na kimoja, kila kimoja dozi kumi. Dozi saba zilizobaki zilikuwa zimeandikwa kuwa zimemwagwa, kwa tarehe. Wakafungua friji, wakahesabu vichupa vilivyobaki. Vilipatana na kitabu.

Ikabaki kuwaona watoto. Fortunata alichagua majina matano kwenye rejista kwa kuruka mistari, ili mwenyeji asimchagulie, wakatoka kwa miguu. Nyumba ya kwanza mama alikuwa shambani akichimba viazi, akaja akijifuta udongo kwenye sketi zake, akatoa kadi ya kliniki kutoka ndani ya mfuko wa sukari. Penta ya kwanza na ya pili zilikuwa na muhuri wa kituo kingine kabisa, cha kule mabondeni kwenye mashamba ya koka. Ya tatu ilikuwa ya Wilaqala.

"Tulikuwa kwa shemeji tangu Septemba," mama alisema. "Tukarudi wakati wa sikukuu ya Kanivali. Viazi havijichimbi."

Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mtoto alikuwa mzaliwa wa pale pale, kadi yote Wilaqala. Ya nne walikuwa wametoka mabondeni. Ya tano hapakuwa na mtu, mbwa tu, na mbwa hakutaka mazungumzo. Fortunata aliandika kwamba kadi nne zimeonekana na zote nne zinakubaliana na rejista.

"Kwa hiyo sipiki?" Asunta aliuliza walipokuwa wakirudi.

"Hupiki. Namba ni ya ajabu na ni ya kweli. Ungeandika sentensi moja chini ya taarifa, kwamba familia zimerudi kutoka mabondeni, nisingepanda lori."

"Mnasoma sentensi nyie? Mimi nilidhani mnasoma rangi nyekundu za jedwali tu."

Fortunata alikumbuka swali lile la mlangoni.

"Kwa nini uliniuliza kuhusu kuhara?"

Asunta alisimama katikati ya njia. Upande wa chini kulionekana kisima cha kijiji, ukuta wake umebomoka upande mmoja na lama watatu wakinywa pembeni.

"Mwezi wa pili mvua ilibomoa kisima. Watoto wakaanza. Taarifa ya mwezi ilipokwenda, nikaomba klorini na fundi wa maji. Nikajibiwa kwa simu, jedwali linaonyesha Wilaqala haina kuhara hata mtoto mmoja, klorini inakwenda kwenye shida. Nikaomba tena baada ya taarifa ya Machi. Sifuri tena, wakasema. Mtoto wa jirani yangu Hilarión alianza kuhara damu nikampakia kwenye pikipiki mpaka hospitali. Alirudi mzima, Mungu mkubwa. Mimi nikasema, huyo anayeandika sifuri nikimwona nitamnywesha maji ya kisima hiki."

Fortunata alihisi uso ukipata moto licha ya upepo. Jedwali lile alilitengeneza yeye. Sifuri zilikuwa pale, alizipita kwa macho kila mara, kwa sababu alitafuta namba zilizozidi, si zilizotoweka.

Walirudi zahanati wakafungua rejista ya wagonjwa. Walihesabu tena kwa ule utaratibu wao, kila mtu kivyake. Kuhara chini ya miaka mitano: Januari sita, Februari kumi na tisa, Machi ishirini na saba. Nakala ya taarifa iliyobaki kwa Asunta ilisema hayo hayo, ukurasa wa pili.

"Ulitumaje?"

"Kama siku zote. Napanda kilimani penye mtandao, napiga picha kurasa mbili, natuma. Karatasi zenyewe zinakuja na lori siku zinazofuata. Januari ilikwenda vizuri. Februari na Machi picha ya pili ilizunguka, ikazunguka, ikagoma. Nikasema potelea mbali, karatasi itafika."

Karatasi ilifika. Hilo Fortunata alilijua bila kuuliza, maana jalada la Wilaqala lilikuwa limejaa. Aliazima simu ya Asunta, wakapanda kilimani wote wawili wakihema, akampigia Rolando.

"Fungua Wilaqala, Februari, kuhara chini ya miaka mitano. Angalia historia ya hiyo namba. Nani aliingiza, lini?"

Vidole viligonga kibodi, kisha sauti ya kijana, ikimwita kwa cheo chake cha usomi. "Mimi, licenciada. Tarehe tano, jioni."

"Karatasi ilifika lini?"

"Muhuri unasema tarehe tisa."

"Sasa sifuri uliitoa wapi?"

"Daktari alisema ikifika tarehe tano palipo wazi tuweke sifuri, ili ukamilifu uwe asilimia mia. Karatasi zikija, mwezi umeshafungwa kwenye kompyuta. Naziweka tu jaladani. Ni kosa?"

"Pengo maana yake hatujui. Sifuri maana yake tumeangalia na hakuna. Umewaambia watu tumeangalia."

Kabla ya kuondoka, Fortunata na Asunta waliandika matokeo kwenye karatasi moja: kilichohesabiwa, kilichopatana, kilichopotea na mahali kilipopotelea, nani atarekebisha na kwa tarehe gani. Asunta alitaka kufuta kwa wino mweupe kosa dogo la tarehe alilolikuta kwenye rejista ya mwezi wa kwanza. Fortunata akamzuia. Apige mstari mmoja juu yake, namba ya zamani iendelee kusomeka, aandike sahihi kando na kuweka saini. Wote wawili wakasaini chini.

Ijumaa ukumbi ulikuwa umejaa wauguzi na wakuu wa zahanati, vikombe vya api, uji mtamu wa mahindi, vikitoa moshi mezani. Fortunata alimwonyesha daktari karatasi kabla ya kikao, si mbele ya watu. Daktari Ledezma aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Nikizitoa sifuri zote zilizowekwa bila karatasi, ukamilifu wetu unakuwa ngapi?"

"Themanini na tatu."

"Wakubwa wa mji mkuu watatuweka mkiani."

"Ndiyo."

"Huna cha kunituliza hata kidogo, Fortunata?"

"Wilaqala chanjo ni sahihi. Hilo unaweza kulisema kwa sauti."

Daktari alikunja karatasi, akaikunjua. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyekuwa akipigiwa simu kila tarehe sita na kuulizwa asilimia. Aliingia ukumbini, akasema mambo mawili: kwamba namba za chanjo za Wilaqala zimekaguliwa na ni sahihi, na kwamba kuanzia siku ile pengo litabaki pengo, na ofisi itampigia simu mwenye pengo badala ya kumjazia. Kuhusu nani aliyeagiza zijazwe, hakusema. Asunta, mstari wa nyuma, alikohoa kwa nguvu. Baadhi ya watu walicheka, na daktari akaona haya, akatia saini ombi la klorini papo hapo mezani.

Fundi wa maji alikwenda Wilaqala wiki iliyofuata. Kisima kilitiwa dawa na ukuta ukajengwa kwa mawe na saruji. Aprili Asunta aliripoti watoto kumi na wawili wa kuhara, na taarifa yake, kama kawaida, ilichelewa.

Fortunata alikuwa na kazi nyingine. Aliomba mji mkuu wafungue miezi ya nyuma, akamwita Rolando, wakachambua sifuri zote zilizoingizwa tarehe tano jioni. Zahanati zilikuwa tisa. Majalada tisa wakayashusha kutoka kabatini, vumbi likaruka.

"Tuanze na ipi, licenciada?"

"Yoyote. Soma ukurasa wa pili kwa sauti, mimi naandika. Kisha tutabadilishana."

Rolando alisafisha koo, akaanza kusoma.