Wageni wa Robo Tatu ya Saa

Barua pepe ya kumwita Rahima kwenye usaili ilikuwa na mistari minne tu, na mistari hiyo minne ilimnyima raha. Kampuni moja ya uwakala wa forodha, yenye ofisi zake Changamwe, ilimtaka Jumanne saa nne asubuhi kwa nafasi ya huduma kwa wateja, na ikamwomba athibitishe kabla ya kesho yake mchana. Basi. Usaili utafanyika vipi, utachukua muda gani, atakutana na nani, hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Na kazi yenyewe aliitaka kwa moyo wake wote. Kakake aliyekuwa na duka Nakuru alikwisha kumtengea chumba, na walikubaliana kwamba mwezi ukiisha bila kazi, Rahima afunge virago aende akamsaidie kuuza. Rahima hakutaka kufunga virago. Hakutaka kumwacha shangazi yake, Bi Mwanasaumu, peke yake katika nyumba yao ya Likoni. Shangazi ndiye aliyemlea tangu alipoachishwa ziwa. Mwenyewe Bi Mwanasaumu, kila habari ya Nakuru ilipozuka, alisema, "Nenda mwanangu, mimi n'na nini?" Kisha siku nzima hakai na mtu wala haongei.

Shauri la kwanza lilitoka kwa Dancun, jirani yao mwenye kibanda cha saiba cha kukodisha intaneti, ambaye ndiye aliyemwazima kompyuta.

"Andika tu 'Asante, nitafika', halafu utume," alisema. "Hao watu wako bize. Ukianza maswali wataona unaleta mambo mingi."

Rahima nusura amsikilize. Lakini mwaka uliopita aliwahi kuitwa kwingine, akajibu hivyo hivyo, "Asante, nitafika", akafika na kukuta mtihani wa kompyuta ambao hakuuwazia hata ndotoni. Alitoka pale akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Safari hii aliapa kuuliza, wamwone mjuaji wasimwone.

Akaketi sebuleni kuandika, huku akimfasiria shangazi yake kila mstari, maana Bi Mwanasaumu hakubali jambo lipite nyumbani mwake asilijue. Kichwa cha barua aliacha kile kile walichotumia wao, ili jibu lifuatane na mwaliko. Neno la kwanza likawa shukrani, la pili uthibitisho: Jumanne, saa nne asubuhi, nitakuwepo. Hapo ndipo akashusha maswali yake kwa upole. Ili nijiandae ipasavyo, tafadhali naomba kujua kama usaili ni wa kufika ofisini au wa video, na kama kuna zoezi lolote. Utachukua muda gani? Na ni akina nani watakaokuwepo?

Bi Mwanasaumu alishika shavu.

"Wawauliza watu utakaa nao muda gani? Rahima! Nani alokufunza adabu hiyo?"

"Shangazi, mimi ndiye mgeni. Wao ndio wenye nyumba."

"Ndiyo mbaya zaidi! Mgeni hajavua viatu, ashauliza atatolewa saa ngapi. Na hali zao hukuwajulia."

Rahima alicheka, akaongeza mwishoni namba yake ya simu, akatuma. Akatumai kuwa hajajiharibia.

Jibu lilikuja asubuhi yake, na lilikuwa na upole kuliko mwaliko wenyewe. Aliyeandika alikuwa Margret, wa idara ya wafanyakazi. Alishukuru kwa maswali. Usaili utakuwa wa video. Kiungo cha kuingilia kingetumwa Jumatatu. Utachukua dakika arubaini na tano hivi, na mwisho kutakuwa na zoezi fupi la kumhudumia mteja. Watakuwepo yeye Margret, Maxwell ambaye ni mkuu wa shughuli, na Lenox wa huduma kwa wateja. Rahima alishusha pumzi. Bila jibu lile angevuka feri Jumanne kwa vishindo hadi Changamwe, na watu wakimsubiri kwenye kioo cha kompyuta.

"Kwa hivyo hwendi wewe kwao," alisema Bi Mwanasaumu taratibu. "Waja wao hapa."

"Kwa kompyuta, shangazi."

"Hata waje kwa waya. Wataingia sebuleni kwangu, majina yao n'nayo, na muda wao n'naujua. Hao ni wageni."

Rahima angepaswa kuogopa hapo hapo. Badala yake aliwaza majibu ya kumpa Maxwell.

Jumanne nyumba iling'aa. Udi ulifukizwa ingawa hakuna atakayeunusa, na majirani waliambiwa wafunge redio. Bi Mwanasaumu aliapa kuwa hatatoa hata kikohozi kwa robo tatu ya saa, na wallahi alitimiza. Rahima alijibu vizuri. Alieleza anavyopokea simu, anavyoandika kumbukumbu ya malalamiko, na kwa nini hapendi kumwahidi mteja asichokuwa na hakika nacho. Lenox akauliza hili, Maxwell akauliza lile, na maneno yakanoga hata muda uliotajwa ukapita, na zoezi ndiyo kwanza linaanza.

Margret alijifanya mteja mwenye kontena lililokwama. Akapandisha sauti. "Wiki nzima mnanizungusha! Nyinyi ni watu wa aina gani?"

Mlango ukafunguliwa. Bi Mwanasaumu, ambaye kwa saa yake wageni walikuwa wanaondoka, aliingia na sinia la kahawa, mahamri na halua, akasikia mtoto wake akifokewa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akainama mbele ya kioo.

"Wewe ndiwe Margret? Hujambo mwanangu? Mbona wafoka hivyo? Maxwell, Lenox, hamjambo? Mwambieni mwenzenu apoe. Kahawa hii hapa."

Rahima aliiona Nakuru waziwazi, na kaunta yake, na mvua yake. Alitamani kuifunga kompyuta na kuingia uvunguni, lakini akageuka, akapokea sinia kwa mikono miwili.

"Ahsante, shangazi. Hawanigombi, ni zoezi la kazi. Tupe muda kidogo."

Kisha akamrudia mteja wake, sauti ile ile, kama hapakutokea kitu. "Samahani kwa kukatizwa, Bi Margret. Una haki ya kukasirika, wiki nzima ni nyingi. Naomba namba ya kontena, niangalie limekwama hatua gani. Na hata kama jibu halijapatikana, leo kabla ya saa kumi nitakupigia mimi mwenyewe."

Margret alijaribu kuendelea kukasirika. Alishindwa. Alicheka mpaka akavua miwani, Lenox akaficha uso, na Maxwell akauliza kama yale ni mahamri ya iliki.

Siku tatu Rahima hakumsemesha shangazi yake ila kwa mkato. Ijumaa baada ya sala barua ikaingia: kazi ni yake, aanze mwezi ukiandama. Lenox aliongeza mstari mmoja, kwamba kukatizwa hukatizwa kila mtu, ila si kila mtu hukumbuka mteja alikuwa analilia nini.

Rahima alimsomea shangazi yake kwa sauti. Bi Mwanasaumu hakupiga vigelegele. Alikaa kitako kizingitini, akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtetema.

"Shangazi, ni habari njema."

"Najua. Kila nilipokwambia nenda Nakuru, Rahima, nilikuwa namwomba Mungu asinisikie."

Rahima aliketi karibu yake palepale mlangoni, akamshika mkono, wakalia pamoja na kucheka pamoja, na watu wakipita wakiwauliza kuna nini.