Kosa Moja kwa Manne

Wewe unayesoma hapa, usijifanye mgeni wa mambo haya. Uliwekewa karatasi mezani, ukazifunua haraka haraka mpaka ya mwisho, ukauliza, "Nasaini wapi?" Uliona maandishi madogo yamejaa ukurasa, ukageuza macho. Basi sikiliza habari za mwanamke aliyegeuza macho naye, na yeye alikuwa analipwa kwa kusoma.

Ofisini walimwita Bi Kamusi. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitafsiri mikataba kwenye ofisi ile ya ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, mahali ambapo harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, iliingia mpaka kwenye chai. Siku meneja alipoleta programu ya kutafsiri, aliwakusanya wote kwenye meza ndefu.

"Sitaki maneno maneno," alisema. "Tutapima. Kazi mbili, mtu na mashine. Tunaangalia makosa na gharama, basi."

Kazi ya kwanza ilikuwa brosha ya kampuni ya magodoro. Ya pili ilikuwa mkataba wa pango wa kurasa kumi na tisa, kazi ya kweli ya mteja wa kweli, ila majina yalikuwa yamefunikwa kwa wino mweusi. Bi Kamusi alitafsiri zote mbili kwa siku nne. Mashine ilizimaliza kabla meneja hajakoroga sukari. Kisha wakabadilishana: Bi Kamusi akasahihisha kazi ya mashine, na mwenzake waliyemwita Miwani akasahihisha ya Bi Kamusi.

Kwenye brosha hapakuwa na ubishi. Mashine ilikuwa imeandika, "Pata uzoefu wa faraja ya mgongo wako katika kiwango kinachofuata." Miwani alisoma kwa sauti, ofisi nzima ikashika mbavu.

"Mgongo unapanda ngazi huo!" alisema Miwani. "Mwambie mteja aongeze na lifti."

Bi Kamusi alikuwa ameandika, "Lala. Mgongo wako utakushukuru asubuhi." Meneja mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Mteja hawezi kubandika kichekesho ukutani, alisema. Brosha zitabaki kwa mtu, hata kama neno moja la mtu linagharimu sawa na maneno kumi ya mashine.

Wakaja kwenye mkataba. Meneja alisoma fomu. "Mtu: makosa manne. Mashine: kosa moja." Akainua macho. "Na mashine ni rahisi mara kumi. Nani ana swali?"

"Manne yangu ni yapi?" aliuliza Bi Kamusi.

Miwani alikohoa. "Mkato umekosekana mara mbili, dada. Neno moja limerudiwa. Na herufi moja imeruka kwenye 'ghorofa'."

"Na lile moja la mashine umelisoma, meneja? Nimelizungushia wino mwekundu."

Ilikuwa sentensi ya mistari tisa. Asili yake ilisema mwenye jengo anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku thelathini, isipokuwa pale mpangaji alipofunga mitambo sakafuni kwa idhini ya mwenye jengo. Hapo notisi iwe ya miezi kumi na miwili. Mashine ilikuwa imefika kwenye siku thelathini ikaweka nukta. Sehemu iliyobaki haikuwepo. Wala haikuacha pengo: sentensi ilisomeka vizuri, laini, bila kukwaruza ulimi. Usingeigundua mpaka uweke asili pembeni na kidole kwenye kila mstari.

"Hilo siyo sawa na mkato," alisema Bi Kamusi. "Hilo ni mtu kufukuzwa."

"Fomu inahesabu makosa, mama. Haina sehemu ya kuyapima kilo," alisema meneja, akacheka. "Litasahihishwa. Saini hapo chini twende tukale."

Na hapo ndipo alipogeuza macho. Angeweza kuuliza, litasahihishwa na nani, lini, kwenye nakala ipi? Lakini dawati la pembeni yake lilikuwa tupu tangu mwezi uliopita, na la pembeni ya hilo pia. Alisaini. Mchana huo akarudi kwenye magodoro, na tangu siku hiyo ofisi ile iliajiri mtu kwa ajili ya tangazo ambalo kila mtu hulisoma, na mashine kwa ajili ya mkataba usiosomwa na yeyote.

Miezi minane baadaye kaka yake mkubwa alikuja nyumbani kwake Jumapili, amebeba mfuko wa plastiki. Alikuwa fundi cherehani, mwenye karakana ya cherehani kumi na nne na mafundi kumi na sita. Hakukaa.

"Mdogo wangu, nisomee hii barua. Wanasema nitoke ndani ya siku thelathini. Mwaka mmoja, tuliongea mwaka mmoja! Ndiyo maana nilizifunga cherehani kwa boliti."

Bi Kamusi alichukua mkataba, akafika kwenye ile sentensi. Aliijua kabla hajaimaliza, jinsi unavyomjua mtu kwa mwendo. Laini. Haikwaruzi.

"Wakili anasemaje?"

"Anasema mkataba wenyewe umeandikwa kwamba nakala ya lugha yetu ndiyo inayotawala. Tumesaini hii, basi tumesaini hii."

"Kaka, kwa nini hukuniletea nikusomee?"

Kaka yake alimshangaa. "Nikusumbue kwa nini? Si niliona mhuri wa ofisi yenu? Nikasema, aa, hapa kwa dada yangu. Nikasaini hapo hapo."

Jumatatu alfajiri alikuwa mlangoni kwa meneja. Meneja hakukataa. Mteja alichagua bei ya mashine, alisema, na bei hiyo haina msomaji; faili lilitumwa siku ile ile ya majaribio. Lenye wino mwekundu lilikuwa nakala ya majaribio tu. Kila kitu kilienda kwa utaratibu.

"Nilikwambia," alisema Bi Kamusi.

"Na ulisaini," alisema meneja, polepole, karibu kwa huruma.

Fomu ilikuwa bado kwenye kabati. Bi Kamusi aliitoa nakala mbele ya macho ya Miwani, ambaye aligeukia dirishani asione, na akampelekea wakili wa kaka yake: kosa moja, wino mwekundu, jina lake chini. Wakili alisema itasaidia. Kesi ingesikilizwa baada ya miezi mitano. Barua ya kumfukuza Bi Kamusi ilichukua siku mbili.

Siku ya thelathini alisimama barabarani akiangalia cherehani zikishushwa ngazi, moja baada ya nyingine, boliti zikining'inia na vipande vya saruji. Kaka yake alishuka wa mwisho na sanduku la nyuzi.

"Ulikuwa umeliona?" aliuliza. Wakili alikuwa amemwonyesha ile fomu.

"Nililiona."

Kaka yake alipandisha sanduku begani, akampita, na hajamwita "mdogo wangu" tena mpaka leo.

Sasa wewe. Usimsikitikie tu hapo ulipokaa. Inuka, toa mkataba wako kwenye kabati: wa nyumba, wa kazi, wa mkopo. Uliza asili yake iko wapi na nani aliziweka nakala mbili bega kwa bega. Hakuna jina la mtu? Tafuta anayejua lugha zote mbili, mlipe, aweke kidole kwenye kila mstari. Na kama ni wewe unayesaini fomu za ofisini, iweke kalamu chini. Siyo kesho. Inuka.