Mikono ya Tarehe Kumi na Tisa

Tarehe ishirini ya kila mwezi, saa sita kamili mchana, mashine ilikuwa inakata pesa kwenye simu za wateja elfu moja na kitu bila kumwomba mtu ruhusa. Kabla ya hapo, mteja yeyote aliyechoshwa na sanduku la vitafunio analoletewa kila mwezi aliweza kubonyeza neno SITISHA, aandike sababu kwenye kiboksi, aende zake. Ndiyo maana kazi yote ya ofisi ile, ukiacha kupakia biskuti, ilikuwa ni kumzuia mtu huyo asibonyeze.

Dawa yake ilikuwa posti tatu. Tarehe kumi na saba wanafunua kitafunio cha kwanza, kidogo tu, cha kuamsha mate. Kumi na nane cha pili. Kumi na tisa wanafunua kile kikubwa, ambacho Meneja alikiita kigogo. Mtu akishaona kigogo anajiambia, aa, mwezi huu nisubiri, nitajitoa mwezi ujao. Na mwezi ujao ana kigogo chake.

Aliyeibuni dawa hiyo ni dada yake Kitinda. Hakuwahi kuonyesha uso. Alionyesha mikono miwili yenye kucha za rangi ya damu, ikifungua kifuniko polepole kama inafungua barua ya posa, na sauti yake ikisema, "Haya jamani, msinisukume." Wateja wakambatiza jina, Mikono. Naye alikuwa mtundu kupita kiasi. Mwezi mmoja aliandika kwamba ofisi imefungwa, poleni na asanteni kwa yote. Watu wakalia kwenye komenti siku nzima, kesho yake akafunua keki za chokoleti. Mwezi mwingine akasema sanduku limeibwa. Ikawa kila akitangaza msiba, wateja wanajua kinachofuata ni utamu.

Halafu akaumwa Jumatatu, na Ijumaa wakamzika.

Kitinda, aliyekuwa akimshikia simu wakati wa kupiga video, alirithi meza yake. Alikuta humo video thelathini na nne za kufungua kifuniko, ambazo dada alizirekodi kwa mkupuo siku masanduku ya muundo mpya yalipoletwa. Kwa tatu kila mwezi, zilikuwa za kutosha karibu mwaka mzima.

"Tusiwaambie," Meneja alisema wiki ile ya matanga, akiwa bado amevaa shati jeusi. "Tukiwaambia, watakuja na pole, halafu wataondoka na pole zao."

"Sasa wakimuuliza?"

"Mjibie. Wewe si unajua anavyoongea?"

Alijua. Kwa hiyo miezi kumi na mmoja Kitinda alikuwa anakata kipande cha mikono ya dada, anakiunganisha na picha ya vitafunio vya mwezi huo vilivyopangwa mezani, anaandika maneno kwa utani wa dada, kisha anakaa kujibu komenti. Kila mara palikuwa na mmoja wa kuuliza, "Mikono, u mzima lakini?" Na kila mara Kitinda alijibu, "Mzima kama kigongo." Mwanzoni alifuta mara mbili tatu kabla ya kutuma. Baadaye hakufuta, na hilo ndilo lilimtisha.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe kumi na saba, aliweka video ya mwisho. Aliisikiliza mara sita kabla ya kuipandisha. Mwishoni kabisa, sehemu ambayo siku zote huikata, palikuwa na sauti yake mwenyewe nyuma ya simu: "Maliza basi, dada, mkono umeniuma." Na dada akacheka: "Nenda. Mimi nipo tu."

Aliikata sehemu hiyo kama kawaida. Lakini ile "nipo tu" ilimfuata hadi kwenye bomba la kunawia, hadi stoo ya makaratasi, ikikaa nyuma ya sikio kama mtu anayesubiri zamu.

Tarehe kumi na nane aliweka picha ya karanga za asali, bila mikono. Kufikia saa nne asubuhi komenti mia mbili zilikuwa zinauliza jambo moja: Mikono iko wapi? Na waliobonyeza SITISHA walifika thelathini na mmoja, wakati siku kama hiyo huwa hawazidi wanane.

Meneja alikuja na kichupa cha rangi ya kucha. Alikiweka mezani taratibu, kama askari anayeweka ushahidi.

"Hapana," Kitinda akasema.

"Sijasema kitu."

"Kichupa kimesema."

"Mdogo wangu, nisikilize. Una mikono ya ukoo. Vidole vilevile, hata hicho kidogo kilivyopinda. Watu thelathini na mmoja leo. Kesho je? Wale mama kule stoo wanaofunga masanduku, niwaambie nini?"

Kutoka stoo, mama mnene wa gundi alidakia bila kuinua kichwa: "Sisi usituingize, Meneja. Sema unaogopa wewe."

"Naogopa mimi na nyinyi!"

Kitinda alipaka. Alipaka mkono wa kushoto vizuri, wa kulia ovyo, kwa sababu ndivyo dada alivyokuwa akipaka. Asubuhi ya kumi na tisa walifunga simu kwenye kijiti chake juu ya meza nyeupe, akaingiza mikono kwenye fremu. Kwenye kioo cha simu aliiona ikifungua kifuniko. Haikuwa yake. Alijua inatoka mabegani mwake, lakini kule kwenye kioo ilienda kwa mwendo wa mtu mwingine, na alipoinua pipi ya kigogo, bonge la chokoleti lenye lozi, mdomo wake ulisema wenyewe, "Haya jamani, msinisukume."

Mama wa gundi alidondosha gundi.

"Safi," Meneja alinong'ona. "Hiyo hiyo. Usirudie."

Wakaipandisha saa tatu. Saa tatu na robo idadi ya wanaojitoa ikasimama. Ilipogonga nusu, kumi na wawili kati ya wale wa jana walikuwa wamerudi wenyewe. Mikono imerudi, waliandika. Tulikumiss wewe. U mzima?

Kitinda alikuwa ameshaandika "Mzima kama" simu yake ilipolia. Mama yake.

"Nimemwona dada yako," mama akasema. Sauti ilikuwa na furaha, furaha ya kweli. "Hii sikuwahi kuiona. Mlikuwa mmeificha wapi?"

Kitinda alifuta yale maneno mawili aliyokuwa ameandika.

"Nimeiangalia mara nne. Leo kapaka vizuri mkono mmoja tu, unamwona? Alikuwa hivyohivyo huyu mtoto. Zipo nyingine?"

"Mama..."

"Kama zipo, usinitumie zote kwa pamoja. Nipe moja moja."

Alipokata simu, Kitinda aliitazama mikono yake kwenye meza. Ilikuwa imetulia, kiganja juu ya kiganja, kama ya mtu aliyelala chali. Akaitoa mezani haraka.

Mama yake mzazi, aliyeosha mwili wa dada kwa mikono yake, alikuwa amedanganywa. Mwezi ujao angedanganywa tena, na mwingine, na Kitinda angekuwa anakufa kidogokidogo kila tarehe kumi na tisa ili dada aendelee kuishi.

Hakumuuliza Meneja. Aliandika chini ya video na kuibandika komenti hiyo juu ya zote: "Leo tunafunua kitu cha mwisho. Mikono mliyoipenda ilifariki mwaka jana mwezi kama huu. Mliyoiona leo ni ya mdogo wake. Tusameheni kwa kuwaficha."

Meneja aliisoma akiwa amesimama. Uso wake ukawa rangi ya boksi lisilochapwa.

"Umetuua," akasema. "Saa sita kesho hatuna kitu."

"Nimesema ukweli."

"Ukweli gani unasemwa tarehe kumi na tisa?"

Wakakaa wote wawili mbele ya kompyuta kama ndugu wanaosubiri majibu ya hospitali. Komenti ya kwanza ikaingia.

"HAHAHA Mikono bwana! Mara hii umejiua mwenyewe!"

Ya pili: "Mwaka jana ofisi ilifungwa, leo amekufa. Kesho tutaletewa keki."

Ya tatu: "Tunafunua kitu cha mwisho, lol. Hapa kuna kigogo cha pili, nawaapia."

Kitinda akajibu: sio utani. Wakacheka zaidi. Akaandika tarehe ya mazishi. Mtu akamwambia, unajua kuigiza, dada, umeniliza kidogo. Mmoja akaandika kwamba alikuwa ameshajitoa jana ila sasa amerudi, hawezi kukosa kuona Mikono atafufuka vipi. Mwingine akaita rafiki zake saba.

Ndipo akaona kosa lake. "Leo tunafunua." Alikuwa ametangaza kifo cha dada kwa maneno ya dada, siku ya dada, mahali ambapo dada aliwafundisha watu kwa miaka mitatu kwamba kila msiba ni kionjo.

Kesho yake, saa sita kasoro robo, Meneja alikuwa anatembea huku na huku akijipiga mapaja. "Wale wote wa jana wamerudi! Na wapya mia moja na arobaini! Leo nzima kajitoa mtu mmoja tu. Mmoja! Hii haijawahi kutokea." Akasimama. "Mwezi ujao inabidi umfufue. Tupige video saa nane, rangi ikiwa bado nzuri."

Kitinda hakusikia sehemu ya mwisho. Alikuwa amefungua orodha ya waliojitoa. Kweli, ya leo ilikuwa na mtu mmoja. Mteja wa mwaka wa pili, mwanamke, hajawahi kuacha komenti hata moja. Kwenye kiboksi cha sababu alikuwa ameandika: "Nimeamini. Poleni sana."

"Mpigie," Meneja akasema, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya kwa kila anayejitoa kabla ya saa sita. "Mpe nusu bei. Mrudishe tufunge na sifuri."

Kitinda akapiga. Upande wa pili palikuwa na kelele za karakana, kisha mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Napiga kutoka sanduku la vitafunio."

"Ndiyo, mdogo wangu," sauti ikasema. "Ni wewe mdogo wake?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa naangalia ile mikono wakati wa chai. Sasa sitaweza tena. Usinielewe vibaya."

"Nakuelewa."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Mwaka mzima, watu elfu na kitu, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Kitinda akalitaja jina la dada yake kwa sauti, ndani ya ofisi ile ambamo halikuwa limetajwa tangu matanga. Meneja akageuka kana kwamba mtu ameingia. Kule stoo, mlio wa utepe wa gundi ulikoma.

"Niambie alikuwaje," yule mwanamke akasema. "Nina dakika kumi."

Meneja alimwonyesha saa ya ukutani, kisha akainua vidole: nusu bei, nusu bei. Kitinda alizungusha kiti, akampa mgongo. Akaanza kuongea, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba kidogo kuliko alivyoikumbuka, na alipokuwa akiongea kucha ya gumba ilikuwa inabandua rangi kwenye kidole kidogo. Magamba mekundu yakadondoka juu ya meza nyeupe. Pembeni, kompyuta ililia, ikalia tena: Mikono, upo? Mikono, upo?

Saa sita kasoro dakika moja akamwuliza yule mwanamke kama bado anataka kusitisha.

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Haya," Kitinda akasema, akabonyeza KUBALI, akahamia kidole cha pili.